Mwaliko Usio na Vitufe

Mimi ni fundi wa kompyuta, na kitu kinachonipandisha hasira kuliko vyote ni mtu kuniambia "haifanyi kazi" halafu akanyamaza. Haifanyi kazi nini? Imezima? Inatoa moshi? Inakutukana? Kwa hiyo Jumatano ile, saa tatu na nusu asubuhi, Mama Kiti aliponipigia simu na kusema, "Fundi, vitufe vyangu havipo," nilimjibu ovyo. Nilimwambia avitafute chini ya meza, labda vimeanguka.

"Si vya kibodi, mwanangu," akasema kwa upole. "Vya mwaliko. Vya kukubali na kukataa. Wenzangu wanavyo, mimi sina. Njoo uone mwenyewe."

Hapo nikanyanyuka. Hasira ninayo, lakini udaku ninao zaidi, na nilikuwa sijawahi kusikia mtu mmoja kanyimwa vitufe.

Mama Kiti ndiye masjala yetu. Chumba chake kiko ghorofa ya chini, mwisho wa korido, mafaili kutoka sakafuni hadi darini na dirisha moja linalotazama maegesho ya magari. Barua yoyote inayoingia taasisi hii inapita mikononi mwake, inagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, inapewa namba, inaandikwa kwenye daftari, ndipo inaendelea na safari. Ukimuuliza barua ya miaka tisa iliyopita, hafungui daftari kwanza. Anafumba macho kidogo, anakwambia rafu, halafu ndiyo anafungua daftari kukuonyesha kwamba hakukosea.

Mlangoni kwake pamebandikwa karatasi: KAIMU MKUU WA MASJALA. Alikaimishwa kwa miezi mitatu, wakati mkuu wa zamani alipostaafu. Miezi mitatu hiyo ilikuwa imefika miaka kumi na moja, na karatasi ilishabadilishwa gundi mara nne. Binti yake, muuguzi, alikuwa akimtania, "Mama, huo ukaimu utakuzika." Mumewe, fundi magari mstaafu anayemfungia chupa ya chai kila asubuhi, hakutania. Alikuwa akisema tu, "Ipo siku."

Na jina la Mama Kiti? Hilo tulimpa sisi, watu wa ofisini, na hatukumpa kwa wema. Kila mkutano wa wakuu wa vitengo ulipoitishwa, mwanamke huyu alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na kiti chake begani. Kiti cha mbao, kile anachokalia masjala, chenye kitambaa cha kijani. Anakiweka pembeni karibu na mlango, anakaa, anatoa daftari. Watu wanachekelea. Mimi mwenyewe niliwahi kumuuliza mbele ya ukumbi mzima, "Mama, ukistaafu utaondoka nacho?" Ukumbi ukavunjika mbavu. Naye akacheka, na akaniambia mguu mmoja umelegea, nikipata nafasi nimpigie msumari. Sikupata nafasi.

Sasa nilimkuta amekaa juu ya kiti hicho hicho, miwani puani, uso umekunjamana.

"Kesho ni usaili wa nafasi yangu," akasema. "Mkuu wa Masjala, kamili, si kaimu. Tumeitwa sita. Anayetaka kuja lazima awe amekubali mwaliko kabla ya saa sita mchana leo. Nilidhani nimekubali tangu Ijumaa. Leo asubuhi nakutana na Afisa Utumishi kwenye ngazi, ananiuliza, 'Mama, mbona umejitoa?' Nimejitoa! Mimi! Ananiambia wenzangu wote wamebonyeza kitufe cha kukubali."

"Ijumaa ulifanya nini hasa? Nionyeshe, usinisimulie."

Akanionyesha. Barua pepe ya mwaliko ilikuwa pale, maneno yote yapo: siku, saa, chumba. Chini yake faili dogo limeambatishwa, la aina ile ya kalenda. Alikuwa amelibonyeza, likafunguka, programu ikamuuliza kama aliweke kwenye kalenda yake, akasema ndiyo. Na kweli, Alhamisi ilikuwa na kisanduku cha bluu kimeandikwa USAILI.

"Si nimekubali hivyo?"

"Hapana, mama. Umejiwekea ukumbusho. Ni kama umeandika kwenye kalenda ya ukutani nyumbani kwako. Aliyekuita hajui lolote."

Akashika kifua. "Nilimwambia mzee wangu nimethibitisha. Ameshanipigia pasi gauni."

Nikatazama saa. Saa nne kasoro kumi. Nikamwambia ampigie Afisa Utumishi, amweleze kwa mdomo, yaishe. Akapiga mbele yangu, akaweka sauti ya nje. Afisa Utumishi ni mtu mwema lakini amenyooka kama rula. Alisema, "Mama, mimi naamini. Lakini mwenyekiti wa jopo ametoka nje ya taasisi. Saa sita kamili anachukua orodha ya majibu kama ilivyo kwenye mfumo. Safari iliyopita watu walidai walithibitisha kwa simu ikawa vurugu tupu, kwa hiyo maneno ya simu hayataki. Jina lako linasema 'hakuna jibu'. Ukijibu kabla ya saa sita, uko ndani. Usipojibu, mikono yangu imefungwa."

Basi nikavuta kibao cha kupandia rafu, nikakaa, nikaanza.

Vitufe vya Kubali, Labda na Kataa havipotei bure. Kila mara kuna sababu, na sababu zenyewe zinahesabika. Aliyeitisha mkutano haoni vitufe hivyo, maana hawezi kujialika mwenyewe. Lakini Mama Kiti hakuitisha chochote. Mwaliko uliotupwa kwenye takataka au kwenye barua taka unaweza kukosa vitufe. Wake ulikuwa kwenye kikasha cha kawaida. Mtu akishajibu, baadhi ya programu huviondoa, lakini yeye hajajibu. Mwaliko ukipitishwa na mtu mwingine kama barua ya kawaida, unaweza kufika bila vitufe. Wake ulitoka moja kwa moja kwa Afisa Utumishi, na anwani yake ilikuwa sahihi herufi kwa herufi.

"Labda amesahau kuomba majibu," nikasema. "Kuna alama mwitishaji anaweza kuiondoa, basi watu wote wanapata mwaliko usiotaka jibu."

Tukampigia tena. "Wenzake watano wamejibu," akasema, na sasa sauti ilikuwa imeanza kuchoka. "Nautuma tena kwake. Angalieni."

Ukafika baada ya dakika moja. Maneno yapo, faili lipo, vitufe hakuna.

Nikaanza kuwashwa, na si kwa hasira tena. Kuna raha fulani fundi anaipata kitu kikikataa kueleweka, na najua ni raha ya kihuni kuiona mbele ya mtu anayepoteza miaka kumi na moja, lakini ilikuja. Nikamwomba Afisa Utumishi aniongeze mimi kwenye mwaliko, autume kwa sisi wawili kwa pamoja. Kisha nikafungua kikasha changu palepale, kwenye kompyuta ya Mama Kiti, kwa programu ile ile.

Kwangu vilikuwepo. Vitatu, vimepangwa vizuri juu ya barua.

"Loo!" akasema Mama Kiti, akasogeza miwani. "Kumbe ndivyo hivi?"

"Hujawahi kuviona?"

"Nimeviona kwa Mkurugenzi, siku nilipompelekea faili. Nilidhani ni vya wakubwa." Alisema hivyo bila uchungu wowote. "Nikasema sisi wa chini tunaambiwa saa na chumba, tunakwenda. Wakubwa ndio wanaoulizwa."

Nikarudi kwenye kazi. Kompyuta ni moja, programu ni moja, mwaliko ni mmoja, saa ni moja. Kwangu vitufe, kwake hakuna. Basi programu haina kosa na mtumaji hana kosa. Kitu kimeugusa mwaliko wake njiani, kati ya seva na kikasha.

Kila barua pepe ina matumbo yake, maandishi ambayo mtumiaji haonyeshwi: imetoka wapi, imepita wapi, ndani kuna vipande gani. Nikafungua matumbo ya barua yangu upande wa kushoto, na ya Mama Kiti upande wa kulia, nikawa nasoma mstari kwa mstari kwa kidole. Yangu ilikuwa na kipande cha kalenda, na kwenye kichwa cha kipande hicho kuna neno linaloiambia programu: hili ni ombi, mpokeaji anatakiwa kujibu. Programu ikiliona neno hilo, inachora vitufe. Ya Mama Kiti ilikuwa na kipande kile kile, lakini kichwa kimebadilishwa. Kilisema tu: faili, kiambatisho. Neno la ombi halikuwepo. Kwa programu ile, hicho kilikuwa kiambatisho kama picha ya harusi.

"Nani amekibadilisha?" akauliza. Alikuwa ameshavuta kiti chake hadi bega lake liko karibu na langu.

"Nashuka taratibu. Lazima ameacha alama."

Alama ilikuwepo, na wala haikujificha. Juu kabisa ya barua yake, kabla ya neno lolote la Afisa Utumishi, palikuwa na mstari: IMEPOKELEWA MASJALA, tarehe, saa, namba.

Muhuri.

Nikaacha kusoma. Miaka miwili nyuma, barua pepe zilipoanza kutumika hapa badala ya karatasi, wiki ile ile ya kwanza, Mama Kiti alikuja ofisini kwangu na kusema barua isiyo na muhuri si barua, na hizi za kompyuta nazo zigongwe. Nikamcheka. Halafu nikakaa jioni moja nikamwandikia kijiprogramu: kila kinachokuja kwenye anwani za masjala, yaani ya kitengo na ya kwake, kinafunguliwa, kinaandikwa muhuri na namba juu, kinafungwa upya, kinaendelea. Alinishukuru mpaka nikaona aibu. Nilikuwa ninajisifia kazi ile. Na kijiprogramu changu, kila kilipofunga barua upya, kilichukua maandishi, na kitu kingine chochote kilichobaki kilikitia ndani kama kiambatisho tu. Nilipokiandika sikufikiria mialiko hata kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Hiki nilikishona mwenyewe.

Sasa niseme ukweli. Kuna sentensi kila fundi anayo mfukoni: "Ni mtandao, mama." Hakuna anayeweza kukubishia. Ilinifika kwenye ulimi. Lakini alikuwa ananitazama kwa karibu, anataka kujua, kama mwanafunzi anayesubiri hesabu itoe jibu, nikashindwa.

"Ni mimi," nikasema. "Ni ule muhuri niliokutengenezea. Ni kama bahasha imekuja imeandikwa juu, jibu linasubiriwa. Programu yangu inaichana bahasha, inagonga muhuri, inatia barua kwenye bahasha mpya. Ile mpya haijaandikwa kitu. Wewe unapata barua nzima, ila hakuna anayekwambia unaulizwa."

Nikangoja anifokee, na ningestahili.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Kwa hiyo mikutano yote ya wakuu wa vitengo..."

"Yote imesoma 'hakuna jibu'."

Akageuza kichwa, akatazama kiti alichokalia. Mimi bado nilikuwa sijaelewa, yeye alishafika. "Yule anayepanga ukumbi," akasema polepole, "huwa anapewa karatasi ya waliokubali. Anapanga viti kwa hesabu hiyo. Siku ya kwanza nilifika nikakuta vimejaa, nikasimama mpaka mwisho. Ya pili pia. Nikajiambia, basi, masjala haihesabiwi. Ya tatu ndiyo nikabeba changu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini. Nilikumbuka ukumbi ule ukicheka, na sauti yangu ndiyo iliyoanza. Nikamwambia, "Mama, nisamehe."

"Saa ngapi?" akasema.

"Saa tano na robo."

"Basi utaomba msamaha baadaye. Tengeneza."

Mwaliko uliokwisha kufika hauponi, kwa sababu kichwa chake kimeshabadilishwa. Dawa ni kurekebisha programu, halafu utumwe mpya. Nikamweleza ninachotaka kufanya: kama ndani ya barua kuna ombi la kalenda, muhuri usiiguse kabisa, ipite kama ilivyokuja.

Hapo Mama Kiti akanikunjia uso kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Ipite bila muhuri? Ndani ya masjala yangu?"

"Mama, dakika arobaini zimebaki!"

"Nakusikia. Lakini kitu kiingie hapa bila kuhesabiwa?"

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikafikiri, maana aliuliza swali la haki, na mtu aliyekaa miaka miwili hahesabiwi anajua anachosema. "Barua inapokelewa, mama," nikasema. "Mwaliko ni swali. Swali halipokelewi, linajibiwa. Programu itakuandikia namba yake pembeni, kwenye orodha, utainakili daftarini. Yenyewe haitaguswa."

Akafikiri kidogo. "Namba ikiwepo, sawa."

Nilikimbia kurudi kwangu ghorofa ya pili, nikaandika mistari sita, nikajaribu kwa mwaliko wa uongo niliojitumia, nikakosea sehemu moja, nikatukana, nikarekebisha. Saa tano na dakika thelathini na nane nilimpigia Afisa Utumishi. Akasema, "Fundi, hii ni mara ya mwisho, nina kazi nyingine." Nikashuka ngazi mbili mbili.

Nilipofika, mwaliko ulikuwa umeshaingia. Mama Kiti alikuwa hajaugusa. Alikaa mikono mapajani, anavitazama vile vitufe vitatu.

"Bonyeza basi!"

"Subiri. Hata hiki cha kukataa ni changu?"

"Vyote vitatu ni vyako."

"Yaani ningeweza kukataa." Akacheka peke yake, machozi yanamtoka, akayafuta kwa ncha ya kitambaa cha kiti. "Miaka miwili napandisha kiti ghorofa tatu, na goti hili, kumbe kuna siku ningeweza kusema siji." Kisha akabonyeza Kubali kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anagonga muhuri. Haikupita dakika, simu ikalia. "Nimekuona, mama," akasema Afisa Utumishi. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na tano.

Ya usaili nilisimuliwa na Afisa Utumishi, ambaye alikuwa katibu wa jopo. Anasema mambo yalikwenda vizuri mpaka mwenyekiti alipofungua karatasi na kusema, "Mama, hapa pana jambo. Kwa miaka miwili umealikwa mikutano arobaini na saba, hujajibu hata mmoja. Mtu asiyejibu mialiko ataongozaje kitengo?"

Mama Kiti hakubabaika. Alifungua mkoba, akatoa daftari la mahudhurio, lile la kutia saini mlangoni, kwa sababu madaftari yakijaa yanahifadhiwa wapi kama si masjala? Akalisukuma mbele ya mwenyekiti. Mikutano arobaini na saba, saini arobaini na saba, na kwenye mingi jina lake ni la kwanza.

"Vitufe sikuwa navyo, mheshimiwa," akasema. "Kiti nilibeba mwenyewe."

Anasema mwenyekiti aligeuza kurasa zote mpaka mwisho.

Jioni ile nilimuuliza Mama Kiti kama aliwaambia kosa lilikuwa la nani. "Hawakuuliza ni nani," akanijibu. "Waliuliza kwa nini."

Barua ya uteuzi ilikuja baada ya wiki mbili, ya karatasi, kwenye bahasha. Akaigonga muhuri, akaipa namba inayofuata, akaiandika daftarini kama barua nyingine yoyote, ndipo akaifungua. Nilikuwepo. Karatasi ya mlangoni aliibandua yeye mwenyewe, akaitoboa matundu mawili, akaitia kwenye faili.

Mimi nilibaki na deni la msamaha. Nikaona nifanye jambo la heshima. Nikamtumia mwaliko rasmi: Mkuu wa Masjala, aje ofisini kwangu Ijumaa saa nne, nimwonyeshe mfumo mpya wa namba, na chai itakuwepo. Nikakaa nasubiri jibu huku nimejiridhisha.

Jibu likaja baada ya dakika mbili. Amekataa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukibonyeza kile kitufe, na chini yake ameandika mstari mmoja: "Siji. Njoo wewe, na kiti chako."

Ijumaa saa nne kasoro, nikachukua kiti changu, nikakiweka begani, na nyundo na misumari nikatia mfukoni. Nilishuka ngazi, nikapita mapokezi watu wamejaa, wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kama nimefukuzwa kazi. Sikumjibu. Korido ile ni ndefu kuliko nilivyodhani, na kiti kinaumiza bega.

Alikuwa ameniachia mlango wazi. "Kiweke hapo karibu na dirisha, mwanangu," akasema, akasimama kunipisha niutazame ule mguu uliolegea.